Pale Nukta Inapochelewa

Soma kifungu hiki kwa sauti:

Zuhura alipopata habari za mumewe moyo wake ulipasuka vipande vipande! Machozi yalimtiririka kama mto uliofurika! Alipiga mayowe ya uchungu usio na kifani! Alihisi dunia yote imemwangukia! Alijua maisha yake yamefika mwisho!

Nimekitunga mwenyewe kwa ajili ya makala haya, lakini mhariri yeyote wa hadithi fupi ataapa kwamba aliwahi kukipokea. Aliyekiandika hana kosa la nia. Anataka msomaji aumie, na kwa kuwa anaogopa huenda asiumie, anamwambia mara tano mfululizo kwamba hapa panauma. Msomaji anasoma yote matano, anaona uchungu mwingi ukitajwa, na macho yake yanabaki makavu.

Ushauri ambao mwandishi wa namna hii hupewa mara nyingi ni apunguze chumvi: afute alama za mshangao, aache tashbihi zilizochakaa, asipasue mioyo ya watu. Ni ushauri mzuri, ila unafika nusu ya njia. Ukifuta mshangao na mito iliyofurika, unabaki na mwanamke aliyelia sana kwa sababu mumewe amekufa. Kelele zimeondoka, lakini bado hakuna kinachopanda. Nusu ya pili ya dawa haimo katika maneno. Imo katika urefu wa sentensi, na hasa katika mahali unapoamua kuweka nukta na mahali unapoamua kuichelewesha.

Kupima kwa mizani

Kabla ya kupanga urefu ni lazima tujue tunaupima vipi. Kuhesabu maneno kunadanganya katika Kiswahili. "Hatukumwambia" ni neno moja, na "sisi na yeye" ni maneno matatu, lakini ukiyatamka la kwanza lina silabi sita na hayo matatu yana silabi tano. Kitenzi chetu hubeba mtenda, wakati, ukanushi na mtendwa ndani ya neno moja, kwa hiyo idadi ya maneno haisemi sentensi inachukua muda gani mdomoni.

Kipimo kilichotufaa tangu zamani ni mizani. Watunzi wa mashairi wanajua kwamba kipande cha utenzi kina mizani nane, na kwamba mshororo wa shairi la kawaida una mizani kumi na sita, nane ukwapi na nane utao. Kila silabi ni mizani moja, na ile "m" ya "mtu" nayo inahesabika kwa kuwa inasimama peke yake. Mshairi hupima ili mistari ilingane. Mwandishi wa nathari anaweza kutumia kipimo hichohicho kwa kusudi la kinyume, yaani aone ni wapi mistari yake inalingana kupita kiasi.

Pima sentensi nne za mwisho za kifungu chetu. Zina mizani 20, 18, 15 na 15. Zinalingana kiasi cha kukaribia kuwa mishororo, na kila moja inafika kilele chake na kuanguka kabla ya inayofuata kuanza. Msomaji anapewa vilele vinne vyenye kimo kimoja. Akishapita cha kwanza, vilivyobaki haviwezi kumpandisha tena, kwa sababu hakuna bonde alilotoka.

Basi mwandishi wetu anasikia kwamba sentensi fupi zina nguvu, anakata kila kitu, na anarudi na hiki:

Zuhura alisimama. Aliangalia bahari. Ngalawa zilikuja. Moja ilikuwa tupu. Watu walikaa kimya. Aliwahesabu. Walikuwa wanne. Moyo ulimdunda.

Hapa chumvi imepungua kweli, na kuna vitu vya kuonekana kwa macho: bahari, ngalawa, watu. Lakini pima tena. Hakuna hata sentensi moja inayovuka mizani tisa. Na Kiswahili kina jambo jingine linaloongeza uzito wa kosa hili: mkazo wetu huangukia silabi ya pili kutoka mwisho wa neno, karibu kila mara. Kila sentensi inashuka kwa mwendo uleule: -sima-ma, baha-ri, -kuja, tupu. Ukizipanga nane kwa urefu mmoja, zinatwanga kama mchi kinuni, na sikio linaanza kufuata mchi badala ya kumfuata Zuhura. Msomaji anahisi kwamba mwandishi anabana pumzi kwa makusudi ili aonekane ana uchungu. Hiyo nayo ni chumvi, ila imesagwa laini zaidi.

Tukio lilelile, kwa mwendo mwingine

Sasa soma mara ya tatu. Tukio ni lile, mwanamke ni yule, na hakuna neno lolote la huzuni ndani yake:

Zuhura alikuwa anageuza vitumbua vya mwisho aliposikia wavulana wakiitana kule mikokoni. Hakuinua kichwa. Wavulana huitana kila ngalawa inapoingia. Walikuwa wametoka watano usiku, na ngalawa mbili, na kwa upepo ule hakuna aliyewategemea kabla ya adhuhuri. Akaopoa vilivyoiva, akavipanga kwenye sinia, akapunguza makaa.

Alipotazama aliiona ngalawa ya mumewe ikivutwa na ile nyingine, tanga limekunjwa, na watu wote wamekaa kwenye ile ya mbele wakiangalia miguu yao, akaanza kuwahesabu toka omoni kwenda tezini, kisha toka tezini kurudi omoni, maana jua lilikuwa linampiga machoni na mtu mmoja anaweza kumkinga mwenzake, na mumewe si mrefu, huenda amekaa nyuma ya yule mwenye koti la mvua, huenda amejilaza kwa uchovu, akahesabu tena, na ngalawa zikawa zimefika pale ambapo sura za watu zinaonekana.

Wanne.

Akarudi kwenye chuma. Kitumbua kimoja kilikuwa kimesahaulika, kimeungua upande mmoja. Akakiopoa, akakipanga pamoja na vingine kwenye sinia, kisha akavisogeza vyote kidogo kidogo kwa ncha ya kijiti mpaka pengo lililokuwa katikati likazibika.

Tuipitie aya moja moja tuone kazi inavyofanyika.

Sentensi za aya ya kwanza zina mizani 40, 7, 19, 45 na 28. Huo ni urefu wa mazungumzo ya kila siku, unaopanda na kushuka bila mpango unaosikika. Kazi ya aya hii ni kumzoeza msomaji mwendo wa kawaida, kwa sababu mtu hawezi kuhisi mwendo umebadilika kama hajauzoea kwanza. Inafanya pia kazi ya pili kimyakimya: inamkabidhi msomaji namba. Wametoka watano. Hilo limesemwa ndani ya sentensi ndefu kuliko zote za aya, kabla ya usiku na upepo, mahali ambapo jicho halikai. Msomaji analibeba bila kujua kwamba atalihitaji. Kama lisingetajwa mapema, neno "wanne" lingehitaji maelezo, na sentensi inayohitaji maelezo haiwezi kuwa fupi.

Kisha inakuja sentensi yenye maneno 73 na takriban mizani 200, mara nne au tano ya zile ndefu zilizotangulia. Nukta ni ruhusa ya kupumzika. Kila ikifika, msomaji anaambiwa kwamba jambo hili limekwisha, ashushe mabega. Zuhura hana ruhusa hiyo kwa sababu hajamaliza kuhesabu, na maadamu yeye hajapata jibu, msomaji naye hapewi nukta. Wasiwasi haukutajwa popote. Msomaji anaupata mwilini mwake, katika kungoja mahali pa kuvuta pumzi.

Angalia pia kinachorefusha sentensi ile. Nusu yake ya pili imejaa visingizio: jua linampiga, mtu anaweza kumkinga mwenzake, mumewe si mrefu, huenda amekaa nyuma, huenda amejilaza. Kila kisingizio kinasukuma nukta mbele kidogo. Sentensi ni ndefu kwa sababu Zuhura anaichelewesha habari kwa nguvu zake zote. Huu ndio mtihani wa kwanza ninaoupa kila sentensi ndefu katika kifungu chenye uchungu: je, kuna mtu ndani ya tukio ambaye ana sababu ya kutaka isiishe? Kama hayupo, mwandishi ndiye anayeirefusha, na itasikika hivyo.

Ndefu inayotembea na ndefu iliyokwama

Kurefusha sentensi si kazi ngumu. Kazi ni kuirefusha huku ikisonga mbele. Linganisha na hii:

Aliiona ngalawa ya mumewe ambayo ilikuwa inavutwa na ngalawa nyingine ambayo ndani yake walikuwamo watu ambao walikuwa wanaangalia miguu yao ambayo ilikuwa imelowa maji.

Nayo ni ndefu, lakini inamchosha msomaji bila kumtia wasiwasi. Kila "amba-" inamsimamisha na kumrudisha nyuma akatazame tena nomino aliyokwisha kuiona. Muda ndani ya tukio umesimama. Tukifika kwenye miguu iliyolowa hatujui tena tulikuwa tunangoja nini.

Kiswahili kina viambishi vinavyofanya kazi bora zaidi, na tunavitumia kila siku tunaposimulia bila kuvifikiria. "-Ka-" husukuma muda mbele: akaanza, akahesabu. Kila ikitokea, jambo jipya limefuata lile la kabla yake, na msomaji amesogea hatua. "-Ki-" huweka mambo mawili ndani ya muda mmoja: ngalawa ikivutwa, watu wakiangalia miguu yao. Na "-me-" huonyesha hali iliyokwisha kufika na bado ipo: tanga limekunjwa, wamekaa. Katika sentensi ya Zuhura, "-ki-" na "-me-" zinachora picha mwanzoni, kisha "-ka-" zinaanza kuisukuma kuelekea kwenye jibu. Ukichanganya hivyo unaweza kwenda mizani mia mbili bila msomaji kupotea, kwa sababu wakati wote anajua nani anafanya nini na muda umefika wapi.

Mikato nayo ina kazi yake. Ndani ya sentensi ile vipande ni virefu mwanzoni na vinafupika kuelekea mwisho: "na mumewe si mrefu", "akahesabu tena". Sentensi haijaisha, lakini ndani yake pumzi zimeanza kuwa za haraka. Kwa hiyo urefu hupangwa mara mbili, kati ya nukta na nukta, na kati ya mkato na mkato.

Pigo, na kinachofuata pigo

"Wanne" ni neno moja, namba isiyokuwa na huzuni yoyote ndani yake. Likisimama peke yake pembeni ya barabara halimuumizi mtu. Katika kifungu cha pili, kile cha sentensi fupi tupu, lilikuwamo pia, na lilipita bila mtu kugeuka. Hapa linauma kwa sababu ya mizani mia mbili iliyolitangulia. Sentensi fupi haina nguvu yake yenyewe. Nguvu inatoka kwenye tofauti kati yake na jirani yake. Ndiyo maana anayetaka kuongeza uzito wa sentensi fupi mara nyingi hapaswi kuigusa kabisa. Airudie sentensi iliyo kabla yake.

Nimeiweka kwenye mstari wake peke yake, na huo ni uamuzi wa kufanywa kwa uangalifu. Nafasi nyeupe juu na chini ya neno ni kimya cha kulazimishwa. Kikitokea mara moja katika hadithi, msomaji anakikubali. Kikitokea kila ukurasa, anaanza kukiona kinakuja, na anajikaza kabla hakijafika. Katika hadithi fupi nzima mimi hujipa ruhusa ya mstari wa namna hiyo mara moja, nikibanwa sana mara mbili.

Waandishi wengi wanafika kwenye pigo vizuri kabisa, kisha wanaharibu katika sentensi inayofuata. Wanaona msomaji ameguswa, wanataka kumshikilia palepale, na wanaongeza: "Wanne. Wanne tu. Mmoja hayupo. Mume wake hayupo." Kila nyongeza inapunguza. Msomaji alikwisha kutoa hesabu yake mwenyewe, watano kutoa wanne, na ile hesabu aliyoifanya kichwani ndiyo iliyomuumiza. Ukimfanyia tena kwa sauti, unamnyang'anya.

Kinachofaa baada ya pigo ni kurudi kwenye urefu wa kawaida, na kwenye kazi ya mikono. Aya ya mwisho inaanza na sentensi fupi, inafuata ya kati, inaishia na ndefu ya maneno 21 ambayo haikimbii popote. Mwendo umetulia, na utulivu huo haulingani na kilichotokea. Zuhura anapanga vitumbua. Msomaji anajua asichotaka kukijua Zuhura, na kati ya mwendo wa sentensi na ukweli wa tukio ndipo uchungu unapokaa. Mwandishi hakusema lolote kuhusu moyo wake. Hakuhitaji.

Wakati watu wanapozungumza

Kwenye mazungumzo urefu hupangwa kwa njia nyingine kidogo, kwa sababu hapa unagawanywa kati ya watu. Anayeleta habari mbaya katika jamii zetu hafiki na kuitema. Anasalimu, anazunguka, anaanza mbali. Anayeipokea ndiye anayesema machache. Tumsogeze mzee mmoja kutoka kwenye ngalawa ile mpaka penye kibanda cha Zuhura:

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Tulikuwa huko nje ya mwamba tangu alfajiri, bahari ikachafuka ghafla, tukasema tukunje matanga tungoje, lakini wenzetu wawili walikuwa wameshatangulia, na unajua mwenyewe upepo huu ukikukuta pabaya..."

"Yuko wapi?"

"Tumemtafuta, mwanangu."

Sentensi ndefu ya mzee ina sababu ileile tuliyoiona kwa Zuhura: kuna mtu anayetaka isiishe. Anaposimulia bahari na matanga hajafika kwenye jina. Maneno mawili ya Zuhura yanamkata, na jibu linalorudi ni fupi kama swali. Hapa Kiswahili kinampa mwandishi zawadi kubwa. "Tumemtafuta" ni neno moja lenye mizani sita, na ndani yake wamo waliotafuta, yumo anayetafutwa, na umo wakati uliopita ambao matokeo yake bado yapo. Kisichokuwamo ni "tumempata". Mzee hakusema uongo wala hakusema kifo, na mwanamke ameelewa.

Zingatia pia kwamba Zuhura ametoa shikamoo. Mwandishi anayetaka kuliza angeifuta salamu ile, akidhani mtu mwenye hofu hawezi kukumbuka adabu. Watu wa pwani wanajua kwamba adabu ndiyo kitu cha mwisho kumtoka mtu. Salamu ile, kwa urefu wake wa kawaida kabisa, ndiyo inayofanya "Yuko wapi?" isikike kama mlango uliofungwa kwa nguvu, ingawa imeandikwa bila alama ya mshangao.

Namna ya kukagua kifungu chako

Sipendekezi mtu aandike huku akihesabu mizani. Andika rasimu ya kwanza ikutoke inavyotoka. Kisha chukua kalamu na ukurasa wenye tukio zito, na uandike pembeni mwa kila sentensi mizani zake. Si lazima ziwe sahihi hadi moja ya mwisho. Kosa la mbili tatu halidhuru. Unachotafuta ni namba zinazofanana zikifuatana. Ukiona 18, 16, 19, 17, hapo pana mchi unatwanga, iwe sentensi zenyewe ni nzuri au mbaya.

Baada ya hapo itafute sentensi moja inayobeba habari yenyewe, ile ambayo ukiifuta tukio linatoweka. Iwe moja tu. Mara nyingi utaikuta katikati ya sentensi nyingine, imefungwa kwa "kwamba" au "kwa sababu". Itoe, iache ifupike mpaka isiweze kufupika tena. Halafu rudi nyuma yake na ujiulize nani katika tukio hili hataki ifike. Ukimpata, mpe sentensi ndefu. Mwisho, soma kilichoandikwa baada ya pigo na ufute kila sentensi inayolirudia kwa maneno mengine.

Kagua pia kwa kusoma kwa sauti, ikiwezekana mbele ya mtu. Penye sentensi ndefu nzuri, pumzi yako itabanwa lakini hutapotea. Ukilazimika kurudi nyuma kutafuta mtenda, sentensi imekwama, na pengine kuna "amba-" mbili zimebanana. Penye sentensi fupi nzuri, utanyamaza kidogo bila kuamua kunyamaza. Ukijikuta unaongeza sauti ili iwe na uzito, basi uzito haumo kwenye maandishi, na wewe unauleta kwa koo lako.

Jaribio hili linamfaa hata asiyeandika hadithi. Anayepewa kazi ya kusoma wasifu wa marehemu msibani hukutana na tatizo hilihili. Wasifu nyingi hupangwa kwa sentensi za urefu mmoja: alizaliwa, alisoma, aliajiriwa, alioa, alijaliwa watoto. Pakifika pa kuugua na kufariki, msomaji hana namna ya kubadilisha mwendo ila kwa kulia. Ukimwandikia sentensi moja ndefu yenye kazi alizokuwa akizifanya marehemu mpaka wiki zake za mwisho, na baada yake sentensi fupi ya tarehe, atasoma mpaka mwisho bila kuvunjika, na waliokaa kwenye mikeka ndio watakaoguswa.

Mahali ambapo mbinu hii haifai

Wako waandishi wakubwa waliofanya kazi yao kwa mwendo tofauti. Shaaban Robert alipenda sentensi zenye mizania, upande mmoja ukijibiwa na mwingine, na hekima yake inasimama juu ya ulinganifu huo. Euphrase Kezilahabi, katika riwaya zake za mwisho, Nagona ya mwaka 1990 na Mzingile ya mwaka 1991, alikwenda mbali sana kwa sentensi fupi, kwa sababu dunia aliyoiandika ilikuwa imevunjika vipande. Ulinganifu si kosa ukiwa ndio maana yenyewe ya kitabu. Ni kosa ukiwa umetokea kwa sababu mwandishi hakusikiliza.

Taarifa ya ajali au ya maafa nayo isipangwe kwa kucheleweshewa nukta. Ndugu wa waliokuwamo wanaisoma wakitafuta jina, na kuwangojesha kwa ufundi ni ukatili. Wao wapewe habari kwenye sentensi ya kwanza, kwa urefu wa kawaida.

Na ipo hali moja ambayo hakuna mpangilio wowote wa urefu utakaoisaidia: pale msomaji hajapewa sababu ya kumjali mtu anayeumia. Sentensi ya mizani mia mbili inafanya kazi kwa Zuhura kwa kuwa tayari tumemwona akigeuza vitumbua na kukataa kuinua kichwa. Kama kifungu chako bado ni kikavu baada ya kupima, kukata na kurefusha, acha kuzihangaikia nukta. Rudi kurasa mbili nyuma na umpe mtu wako kazi ya kufanya, mbele ya macho ya msomaji, siku ambayo bado hakuna lililomkuta.